Gadi ya Friji ya Jirani

Niseme mapema kwamba nilifanya kwa makusudi, tena nikafurahi. Watu wakisimulia ubaya wao huanza kwa kuzunguka, mara shetani aliwapitia, mara hawakujua. Mimi nilijua. Nilikaa kwenye stuli yangu nyuma ya duka, bisibisi ndogo mkononi, nikageuza skrubu mbili kwa utaratibu kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Duka langu lilikuwa Merigi, pale sokoni, mlango wa pili kutoka kwenye kisiagi cha mahindi. Niliuza maziwa mabichi, mala ya maziwa yaliyoganda, na yogati niliyotengeneza mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho kwa miaka mingi, mwanamke peke yangu katika chumba kilichojaa wanaume na harufu ya grisi. Nilipotoka huko sikutaka tena kusikia mota ikilia. Nilitaka friji moja, ng'ombe watatu nyumbani, na wateja wa kuamkiana nao. Kwa Mungu, nikapata bahati ya kupanga duka jirani na mota kubwa kuliko zote hapo sokoni.

Mwenye kisiagi alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mcheshi mbele za watu. Mashine yake ilikuwa ya zamani na yeye alikuwa bahili wa stima. Alikuwa ananunua tokeni kidogo kidogo, kwa hiyo kila akimaliza kumsagia mtu debe lake, alizima mota. Akija mwingine, anawasha. Akija wa tatu, anawasha tena. Siku ya soko angewasha mara thelathini au arobaini. Na kulikuwa na uvivu mwingine juu ya huo ubahili: alikuwa anamwaga mahindi kwenye faneli kwanza, ndipo anawasha. Mota inaanza ikiwa imebebeshwa mzigo, inanguruma, inasuasua, inachukua sekunde tano au sita kabla ya kushika mwendo. Mtu yeyote aliyefanya kazi na mota anajua kwamba ikianza hivyo inakula stima mara tano au sita ya ile ya kawaida.

Transfoma yetu ilikuwa mbali, huko chini karibu na shule, na nyaya zilifika kwetu zikiwa nyembamba na ndefu. Kwa hiyo kila akiwasha, sisi wengine tulikuwa tunajua. Taa zilififia. Redio ya kinyozi ilikatika. Na friji yangu ililia, mmm, halafu ikasema tak.

Hiyo tak niliijua. Kompresa ya friji inasukuma gesi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ikisimama ghafla, upande mmoja unabaki na presha kubwa. Gesi inahitaji dakika tatu au nne kupenya taratibu kwenye ule mrija mwembamba ili pande zote zilingane. Ukiilazimisha kompresa ianze kabla ya hapo, haiwezi kuzunguka. Inasimama pale pale inalia, inakula stima nyingi, inapata moto, mpaka kile kilinzi chake kidogo cha joto kikate: tak. Kikipoa, kinaunganisha tena, inajaribu tena. Na stima ikiwa chini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mota ikipata theluthi mbili ya stima yake, nguvu ya kuanza inabaki chini ya nusu. Mchezo huo ukirudiwa kila siku, waya za ndani zinaungua.

Niliweka mita yangu kwenye soketi siku moja ya soko. Asubuhi kabla hajafungua ilisoma volti mia mbili thelathini na tano. Mashine ikiwa inazunguka, mia mbili na tano. Akiwasha, inashuka hadi mia moja hamsini.

Nikaenda kwake na mita mkononi. Nilienda kwa heshima, niliamkia, nikangoja amalize kufunga gunia la mtu.

"Mzee, naomba kitu kidogo," nikamwambia. "Ukiwasha, washa kama faneli iko tupu. Halafu mwaga mahindi. Mota yako itakaa miaka mingi na friji yangu itapona."

Akaniangalia, akaangalia mita, akageukia foleni ya akina mama.

"Mmeona injinia?" akasema. "Injinia wa maziwa! Madam, hii mashine ilikuwa hapa wewe ukiwa bado unakunywa chai ya bure kiwandani. Kama friji yako inaogopa kelele, peleka nyumbani ikalale."

Walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ile ya kuficha uso. Kosa langu ni kwamba nilirudi dukani nikakaa. Mimi, niliyefunga mataima ya kuhesabia muda kwenye paneli za kiwanda mpaka vidole vikaota sugu, nilikuwa na friji imechomekwa ukutani bila kinga yoyote. Nilikuwa nasema nitatengeneza wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuja ikapita na maziwa yake.

Kompresa iliungua siku moja kabla ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Walikuwa wameniagiza yogati ya wageni wote waliotoka parokia nyingine. Mchana ule nilikuwa nimeenda nyumbani kukamua. Niliporudi nikafungua friji, taa ya ndani ikawaka, vikombe vilikuwa bado na ubaridi wa kiasi. Nikafunga. Taa ya friji inawaka hata kompresa ikiwa imekufa, na hilo nalijua tangu ujana wangu, lakini jioni ile nilikuwa nimechoka na sikuweka mkono nyuma kusikiliza kama kuna mtetemo. Asubuhi nikapakia vikombe kwenye kreti nikapeleka.

Sitaki kueleza yaliyotokea kwenye choo cha kanisa. Akina mama walipona wote kesho yake, wakanisamehe kwa maneno. Lakini hawakurudi kununua.

Jirani yangu ndiye aliyeipa ile habari jina. Alikuwa amesimama mlangoni, unga umemjaa kwenye nyusi, akimuelekeza mgeni aliyeuliza maziwa yanapatikana wapi. "Hapo kuna Maziwa ya Tumbo," akasema. "Unataka ya kunywa ama ya kuhara?" Foleni nzima ilivunjika mbavu. Kufikia wiki iliyofuata, watoto wa shule walikuwa wakipita mbele ya duka langu wakiimba, Maziwa ya Tumbo, Maziwa ya Tumbo. Jina likanishika. Hata mtu wa bodaboda aliyeleta abiria kwangu aliulizwa, "Kwa Maziwa ya Tumbo?" akasema ndiyo, mbele yangu, bila kuona ubaya.

Nilichukia. Nilichukia mpaka chakula kikakosa ladha. Yule mtu aliua friji yangu kwa mota yake, nilimwonya kwa mdomo wangu, halafu akachukua maiti ya friji akanipiga nayo. Usiku nilikuwa nalala vizuri, sitadanganya, lakini nikiamka tu, kabla hata sijakumbuka siku gani, nilikuwa nimeshamkumbuka yeye.

Fundi wa gesi alinibadilishia kompresa. Safari hii sikungoja wiki ijayo. Nilienda Kericho nikanunua vipande, nikakaa siku mbili na soldaringi yangu ya kuunganishia waya, nikatengeneza gadi, kisanduku cha kulinda friji. Zinauzwa madukani zikiwa tayari, najua, lakini nilitaka ya mikono yangu, ninayoweza kuipangia mwenyewe. Ndani kulikuwa na transfoma ndogo, na saketi inayolinganisha stima ya ukutani na kipimo kisichobadilika. Stima ikishuka chini ya mia moja themanini na tano, relei, ile swichi inayojiendesha, inaachia na friji inakatwa mara moja, kabla kompresa haijaanza kulia. Stima ikirudi juu ya mia mbili, relei hairuki kuunganisha. Kwanza kapasita inaanza kujazwa polepole kupitia rezista kubwa, kama ndoo chini ya bomba linalodondosha, na ikifika theluthi mbili, baada ya kama dakika nne, ndipo relei inashika. Nikaweka na dayodi moja ya kumwaga kapasita upesi stima ikikatika. Mafundi wengi wanaisahau hiyo, kisha stima ikizima na kuwaka kwa kufumba na kufumbua, kapasita inakuwa bado imejaa na friji inawashwa hapo hapo, yaani inakosa ulinzi wakati ule ule inapouhitaji.

Taa tatu kwenye kifuniko: nyekundu stima iko chini, njano inangoja, kijani friji inafanya kazi. Nikapanga na maisha yangu. Friji ilikuwa inawaka usiku kucha, wakati kisiagi kimefungwa. Niligandisha chupa za maji nikazipanga katikati ya vikombe, na siku ya soko sikufungua mlango ovyo. Yogati yangu ikakaa baridi. Ila hapakuwa na mtu wa kuinunua.

Na hapo ndipo jirani yangu alipoleta friji yake.

Ilikuja juu ya pikapu, ndefu, ya mlango wa kioo, na yeye akiwa amesimama nyuma ameishika kama bibi harusi. Aliifunga pembeni mwa kisiagi, katika chumba kidogo alichokuwa akiwekea magunia. Siku ya kufungua aliandika kwa rangi kwenye ubao: MAZIWA SAFI. Hilo neno safi alilichora kubwa kuliko lingine. Akapita kwangu makusudi, mikono mfukoni.

"Injinia, chamgei! Sasa soko itapata maziwa."

Nilimjibu salamu yake, chamgei. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Aliyeendesha biashara yenyewe alikuwa mke wake. Huyo mama alikuwa mpole, wa sauti ya chini, na hakuwahi kunicheka. Siku akina mama wa kanisa walipougua alikuja akakaa na mimi, akanioshea vikombe. Yogati nilimfundisha mimi, miaka ya nyuma, jikoni kwangu: moto wa kiasi gani, mbegu ya yogati vijiko vingapi. Wiki ya kwanza ya friji yao, alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma.

"Dada," akasema, "hii friji inalia mashine ikiwashwa. Naogopa itaungua kama yako. Nitengenezee ile kitu yako ya taa."

Nikamwangalia. Niseme nilifikiria mambo mengi? Sikufikiria mengi. Nilisikia furaha ikinipanda kutoka miguuni.

"Nitakutengenezea," nikasema. "Hata wiki haitaisha."

Na gadi niliyomtengenezea haikuwa mbovu. Hilo nilijisifia kwa muda mrefu. Fundi yeyote angeifungua angeona kazi safi, dayodi iko, relei ni ya ampea thelathini, waya zimekazwa. Friji yao isingeungua hata siku moja. Nilichofanya ni kwenye zile skrubu mbili. Moja inapanga stima ya kukatia. Yangu ilikuwa mia moja themanini na tano; yake niliiweka mia mbili kumi na tano. Nyingine inapanga muda wa kungoja. Yangu dakika nne. Yake niliizungusha mpaka mwisho, karibu dakika tisa.

Sasa piga hesabu kama nilivyoipiga mimi. Mashine ikizunguka tu, stima yetu ni mia mbili na tano. Kwa hiyo muda wote kisiagi kinapofanya kazi, gadi imekata. Akizima kuokoa tokeni zake, gadi inaanza kuhesabu dakika tisa. Kabla hazijaisha, mama mwingine ameleta debe, mota imewashwa, gadi inaanza upya. Siku ya soko, friji haiwaki hata kidogo. Siku za kawaida inapata saa moja hapa, nusu saa pale. Na usiku, ambapo ingeweza kupumua, yule bwana alikuwa anashusha swichi kuu ya jengo lake lote akifunga, kama wengi wa sokoni wafanyavyo, akiamini friji ikishapoa inashika baridi mpaka asubuhi. Nilikuwa nimemsikia akijivunia hilo kwa kinyozi.

Kwa maneno mengine, sikumfanyia lolote. Ubahili wake ungemfanyia. Angezima mota na kuiwasha, azime na kuiwasha, na kila akiwasha angekuwa anajiozeshea maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Nilipofunga kifuniko nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka jogoo wa jirani akanyamaza.

Ilianza siku ya nne baada ya gadi kufungwa. Mwalimu mmoja alirudisha kikombe cha yogati kilichovimba kifuniko. Kisha mama wa mboga akarudisha viwili. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nimekunja mikono, nasikiliza kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio.

"Hii inachemka!" mama wa mboga alilalamika. "Ukifungua inaruka kama soda."

Siku ya soko ilipofika harufu ilikuwa inatoka hadi barabarani. Jirani yangu alikuwa anaingia kwenye kile chumba, anatoka, anapiga friji ubavuni kwa kiganja. Akaita fundi kutoka Kericho. Fundi akaja na begi lake, na jambo la kwanza alilofanya ni kusema mashine izimwe, hawezi kufanya kazi na kelele. Wakazima. Fundi akakagua, akapima gesi, akakuna kichwa. Baada ya muda wake taa ya kijani ikawaka, kompresa ikaanza bila shida, ikapoa vizuri mbele ya macho yake.

"Mzee, hii friji ni nzima," fundi akasema. "Hii gadi nayo ni poa sana. Nani alitengeneza?"

"Huyo hapo," jirani akasema, akinyoosha kidole kwangu.

"Mama, uko na mkono," fundi akaniambia kwa sauti. Sijawahi kusifiwa nikafurahi namna ile. Jirani yangu aliangalia chini. Fundi akafunga begi akaenda zake, na kabla hajafika barabarani mota ilikuwa imewashwa na faneli imejaa.

Wateja walianza kurudi kwangu, mmoja mmoja, bila kutaja la zamani. Mwalimu alirudi. Wawili wa kanisa walirudi. Nilikuwa nawapimia maziwa nikiangalia ule ubao wa MAZIWA SAFI kupitia mlangoni. Kila siku nilitafuta sababu ya kupita karibu, nione vikombe vimevimba, nione anavyokasirika. Nilikuwa nakula vizuri tena. Niliongeza mwili. Mtu akiniuliza siku hizo kama kisasi kinashibisha, ningemwambia ndiyo, na angeniona kwenye mashavu.

Yule mama, mke wake, alikuwa bado anakuja kwangu. Kila asubuhi alinunua nusu lita ya maziwa ya chai, ijapokuwa maziwa yalikuwa kwao. Alikuwa anasimama kaunta muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Ananiuliza habari ya nyumbani, habari ya ng'ombe. Mimi nilimpimia na kumwongezea kidogo, kwa wema, nikisema moyoni kwamba yeye sina neno naye.

Siku moja, baada ya majuma kama matatu, nilikuwa napita nyuma ya kisiagi nikasikia mume akiongea na wateja waliopanga foleni. Nikasimama ili nifaidi.

"Friji haina shida," alikuwa anasema. "Fundi wa Kericho amesema. Shida ni bibi yangu. Mikono yake si safi. Nimemwambia anawe, hasikii. Huko kwao hawajui mambo ya usafi. Mnunue tu unga, maziwa mniachie, nitatafuta msichana mwingine wa kufanya hiyo kazi."

Wakacheka kidogo, ile ya kumfurahisha mwenye mashine. Mama mmoja akasema kumbe ndiyo maana hata chai yake kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama haikumalizwa. Mwingine akasema alikuwa ameshangaa tangu zamani.

Nilirudi dukani. Nilijaribu kuendelea kufurahi, kusema kweli. Nilijiambia ameaibika hata hivyo, biashara imekufa hata hivyo. Lakini nilikuwa nimeona uso wake alipokuwa akisema yale maneno, na haukuwa uso wa mtu aliyepigwa. Alikuwa ametulia. Alikuwa anasaga mahindi yake na kuchekesha watu, vilevile kama siku aliyonipa mimi jina. Kwa wiki tatu nilikuwa nampiga mtu ambaye amemweka mkewe mbele.

Kesho yake asubuhi mama yule alikuja. Hakuleta chombo cha maziwa. Aliweka gadi juu ya kaunta, waya zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya gunia.

Nikaanza kusema upesi. "Dada, leta nikuangalizie, pengine kuna kitu kimelegea."

"Hakuna kitu imelegea," akasema. "Nilikaa na hii kitu. Mimi ndio nakaa na friji siku mzima, si yeye. Mashine ikiwaka, taa nyekundu. Ikizimwa, taa ya njano, na ya njano inakaa sana. Yako haikai hivyo. Nimeangalia yako kila asubuhi nikikuja kununua maziwa. Nimehesabu kwa saa ya simu."

Nilikosa pa kuweka mikono.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja wewe ndio uniambie. Nilikuwa nakuja kila siku. Nilikuwa nasimama hapo." Akaonyesha pale alipokuwa akisimama, mbele ya mizani. "Nilisema, leo ataniambia. Leo ataniambia."

Nikamwambia halikuwa lake. Nikamwambia ilikuwa ya mume wake, na anajua alivyonifanya. Nilisema kwa haraka na kwa hasira, maana hasira ndiyo niliyokuwa nimezoea.

"Friji si ya mume wangu," akasema. "Ni ya ng'ombe yangu. Yule baba yangu alinipatia nikiolewa. Niliuza hiyo ng'ombe ndio nipate kitu ya kufanya kwa mkono yangu." Hakulia. Alikuwa ameangalia gadi. "Na kila jioni nimemwagia ndama maziwa. Sikuuzia mtu nikijua ni mbaya, isipokuwa zile za kwanza. Sasa wanasema mkono yangu ni chafu. Hata kwa kikundi wanasema."

Nilichukua bisibisi. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilifungua kifuniko mbele yake, nikageuza skrubu ya kwanza kurudi mia moja themanini na tano, nikageuza ya pili mpaka dakika nne, na nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza: friji isizimwe usiku, chupa za barafu zikae katikati, mlango usifunguliwe ovyo siku ya soko, na mashine iwashwe faneli ikiwa tupu. Alisikiliza kila neno. Alirudia dakika nne kwa midomo ili asisahau. Nikafunga kifuniko nikamsogezea.

Hakuichukua.

"Hiyo ni ya friji," akasema. "Mimi je?"

Nilijua anachotaka. Nilijifanya sijui. Nikauliza niseme na mume wake pembeni, nimwandikie ujumbe, niongee na mwenyekiti wa kikundi. Akatikisa kichwa kila mara, polepole, bila ukali.

"Alisema mbele ya foleni," akasema. "Na wewe sema mbele ya foleni."

Ilikuwa siku ya soko. Foleni ilikuwa imefika mpaka kwa kinyozi, akina mama na madebe yao, wengine niliowajua kwa miaka, wawili wa kanisa walioanza kurudi kwangu juzi tu. Nilikuwa najua hasa nitakachopoteza. Mara ya kwanza jina langu liliharibiwa kwa uongo nusu, na lile nusu nililikasirikia vizuri. Hili lingekuwa kweli lote. Nisingekuwa na mtu wa kumchukia nalo.

Alitangulia yeye, nikafuata na gadi mkononi. Watu walitugeukia. Jirani yangu alikuwa na debe juu ya bega, anamwaga mahindi kwenye faneli. Aliponiona akatabasamu, akafungua mdomo kuniita injinia, na huku mkono wake mwingine ukaenda kwenye swichi kwa mazoea. Nikasema haraka, kabla sijabadili nia. Nikasema maziwa ya huyu mama yaliharibiwa na mimi, kwa mkono wangu, kwa kusudi, na mikono yake haina uchafu wowote.

Nililazimika kusema tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu mara ya kwanza mota ilikuwa inaanza na mzigo wake na hakuna aliyenisikia isipokuwa yule mama.